Kompresheni nzima, oili inaisha: kisa cha ringi ya tatu

Gari lilikuja gereji na injini ya petroli ya silinda 4, lita 2.0, isiyo na tabo. Mwenyewe analitumia kwa abiria wa kukodi na mizigo midogo kati ya Dar es Salaam na Iringa. Safari ya kwenda na kurudi ni kama kilomita 1,000, na kila akirudi huongeza lita 1 ya oili. Chini ya injini hakuna tone. Maji ya rejeta hayapungui wala hayana utando wa mafuta. Nguvu ipo, anasema, na mlima Kitonga anaupanda kama zamani.

Gereji ya kwanza aliyokwenda ilimbadilishia valvu sili. Moshi ulipungua kidogo, kisha ukarudi. Gereji ya pili ilipima kompresheni, ikamwambia injini ni nzima, ikamshauri aweke oili nzito ya 20W-50.

"Fundi, kama ringi ni nzima na sili ni mpya, sasa oili inakwenda wapi?" aliniuliza.

"Kaka, waliopima hawakukudanganya," nilimjibu. "Ila walipima ringi moja, na pistoni ina tatu."

Hapo ndipo mzizi wa kisa hiki ulipo. Ringi za pistoni zina kazi tatu: kuzuia presha ya mlipuko isivuje kwenda chini, kuacha oili kwenye ukuta wa silinda kwa kiasi kinachotakiwa tu, na kupitisha joto la pistoni kwenda kwenye ukuta ili maji yaliondoe. Geji ya kompresheni inajibu habari ya kazi ya kwanza peke yake. Kazi ya pili inaweza kuwa imekufa kabisa huku geji ikionyesha namba za kupendeza, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye injini hii.

Nilianza kwa kupima upya mwenyewe, injini ikiwa ya moto, plagi zote zikiwa nje na mafuta yakiwa yamekanyagwa mpaka mwisho ili hewa iingie bila kizuizi. Silinda ya 1 ilitoa psi 178, ya 2 ikatoa 180, ya 3 ikatoa 175 na ya 4 ikatoa 179. Tofauti ya psi 5 kati ya ya juu na ya chini ni ndogo sana. Fundi yeyote angesema injini hii haina shida ya presha, na angekuwa sahihi.

Sababu ya namba hizo kubaki nzuri iko kwenye namna ringi ya kwanza inavyoziba. Wengi tunadhani inaziba kwa nguvu ya chuma chake, kwamba imefinywa ndani ya silinda na inataka kutanuka. Nguvu hiyo ipo, lakini ni ndogo. Kazi yake ni kuiweka ringi iguse ukuta tu. Kinachoiziba kwa kweli ni gesi yenyewe. Presha inapopanda juu ya pistoni, gesi huingia kwenye uwazi mdogo ulio juu ya ringi, hupita hadi nyuma yake ndani ya mfereji, na kuisukuma nje dhidi ya ukuta na chini dhidi ya sakafu ya mfereji. Ni kama ile ngozi ya pampu ya baiskeli, inayotanuka yenyewe kadiri unavyosukuma kwa nguvu. Mlipuko wa injini ya aina hii ikiwa imebeba mzigo hufika presha ya kama bar 50 au zaidi, na ringi hukazwa kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo ringi ya kwanza iliyochoka kidogo bado inaziba vizuri, mradi iwe huru kwenye mfereji wake na uso wake uwe mzima.

Kuna jambo jingine linalopotosha geji. Injini inayokula oili ina oili nyingi juu ya ringi, na oili hiyo huziba mianya. Ndiyo maana tukiona kompresheni ndogo huwa tunamimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na kupima tena: namba ikipanda, shida ni ringi, isipopanda, tunatazama valvu. Silinda iliyokwisha kulowa oili inajifanyia kipimo hicho yenyewe kila inapozunguka, na inaweza kuonyesha namba nzuri kuliko hali yake.

Ringi ya pili ni ya mchanganyiko. Inazuia gesi kidogo iliyoipita ya kwanza, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni kukwangua oili kuirudisha chini, na uso wake mara nyingi umeinamishwa kidogo ili ukingo wa chini ndio ukwangue. Ringi ya tatu ndiyo ya oili hasa. Kwenye injini nyingi za petroli za sasa ina vipande vitatu: nyuzi mbili nyembamba za chuma, na katikati springi ya chuma yenye mawimbi inayozisukuma nje. Hii haipati msaada wa gesi hata kidogo, maana gesi karibu yote imezuiwa juu. Inaishi kwa nguvu ya springi yake tu. Springi ikigandishwa na kaboni, nyuzi hubaki zimelala ndani ya mfereji, hazigusi ukuta kwa nguvu inayotakiwa, na hakuna kitu kingine cha kuzisukuma. Ringi ya kwanza ikilegea gesi itaibeba. Ya tatu ikilegea hakuna wa kuibeba.

Mwenye gari alishangaa kwamba lita nzima inaweza kupotea bila gari kutoa wingu la moshi barabarani. Tulikaa tukapiga hesabu pamoja, na nadhani ni hesabu inayofaa kila fundi aijue. Chukua mwendo wa kilomita 80 kwa saa, injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika. Kilomita 1,000 zitachukua saa 12 na nusu, yaani dakika 750, na krenki itakuwa imezunguka mara 1,875,000. Kila silinda hulipuka mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo silinda nne zitakuwa zimelipuka kama mara 3,750,000. Gawanya lita 1 kwa idadi hiyo: kila mlipuko umechoma kama robo ya milimita ujazo ya oili, tone lisilofika hata ukubwa wa kichwa cha pini. Ukilitandaza tone hilo kwenye ukuta wote wa silinda yenye kipenyo cha milimita 86 na mwendo wa pistoni wa milimita 86, unapata utando wa kama sehemu moja ya mia ya maikroni. Utando wa kawaida wa oili chini ya ringi huwa wa maikroni chache au pungufu ya hapo. Yaani ringi ya oili haihitaji kushindwa sana ili injini ianze kula. Inatosha ibakishe nyuma yake utando mnene kidogo tu kuliko ulivyotakiwa.

Na utando huo hauwezi kufutwa kabisa. Pistoni ikiwa katikati ya silinda inakwenda kasi, na ringi huelea juu ya oili vizuri. Inapofika kileleni inasimama kabla ya kugeuka; kwa nukta hiyo hakuna mwendo wa kuielesha, presha ni kubwa na joto ni kali. Hapo utando huwa mwembamba kuliko popote, na hapo ndipo silinda huliwa zaidi. Ukipitisha kucha juu ya silinda iliyotembea sana utahisi kijukingo mahali ringi ya kwanza inapogeukia. Oili nyingi inachomwa, oili chache inasaga chuma, na ringi tatu zinaishi kati ya mipaka hiyo miwili.

Kabla ya kufungua injini nilitaka kuondoa watuhumiwa wengine. Sili za valvu zikiisha, oili huteremka kwenye fimbo za valvu gari likiwa limesimama, na moshi wa bluu hutoka asubuhi unapowasha au baada ya foleni ndefu, kisha hukata. Hapa mwenyewe alisema asubuhi ni safi. Moshi aliuona kwenye kioo akishuka Kitonga na gia ndogo, mguu ukiwa nje ya mafuta, halafu akikanyaga tena chini ya mlima. Hali hiyo huleta mvuto mkubwa wa hewa ndani ya silinda, na mvuto huo huvuta oili kutoka chini kupita ringi. Sili mbovu nazo zinaweza kutoa moshi hivyo, lakini hizi zilikuwa mpya na zimekaa sawa. Valvu ya pumzi ya krenkesi niliitoa nikaipuliza: ilifunga upande mmoja na kufungua mwingine kama inavyotakiwa, na bomba lake lilikuwa na unyevu wa kawaida tu. Plagi ndizo zilizosema zaidi. Ya silinda ya 2 na ya 3 zilikuwa na kaboni nyeusi yenye kulowa oili kwenye nyuzi zake. Mbili nyingine zilikuwa na majivu meupe kiasi, alama ya oili inayoungua kidogokidogo.

Mwenyewe aliuliza kama tunaweza kumwaga dawa ya kuyeyusha kaboni kwenye matundu ya plagi, tuiache usiku kucha. Njia hiyo ipo na wakati mwingine inasaidia, hasa kaboni ikiwa bado laini. Lakini dawa ikitoka juu hufika ringi ya tatu ikiwa imepita mbili, na haiwezi kuzibua vitundu vilivyoziba nyuma yake. Kwa gari linalokula lita nzima kwa safari, sikutaka kumlipisha jaribio kisha nimlipishe kazi yenyewe. Tukakubaliana kufungua.

Pistoni zilipotoka, maelezo yote yalikuwa pale. Ringi ya oili kwenye silinda ya 2 na ya 3 haikusogea hata kwa kuibonyeza kwa kidole. Nyuzi zilikuwa zimegandana na springi kwa kaboni ngumu. Kwenye silinda ya 1 na ya 4 zilisogea kwa shida. Nyuma ya ringi hiyo, ndani ya mfereji, kuna vitundu ambavyo oili iliyokwanguliwa hupitia kurudi ndani ya pistoni na kudondoka sampu. Karibu vyote vilikuwa vimeziba. Hilo ni la kuzingatia: hata kama ringi ingekwangua vizuri, oili isingekuwa na njia ya kutoka, ingejaa mferejini na kupandishwa juu. Oili ya 20W-50 aliyoshauriwa haivukizwi upesi kwa joto, labda ndiyo maana safari ya kwanza nayo ilionekana nafuu, lakini uzito wake haurahisishi kupita kwenye kitundu kilichobaki na upenyo wa sindano.

Ringi za kwanza zilikuwa huru kwenye pistoni tatu. Kwenye silinda ya 3 ilikuwa nzito upande mmoja, na chini yake ubavu wa pistoni ulikuwa na rangi ya kahawia kama chai. Rangi hiyo huachwa na gesi ya moto inayopenya kati ya ringi na ukuta. Silinda ya 3 ndiyo iliyotoa psi 175, ndogo kuliko zote. Geji ilikuwa imeanza kuona, lakini kwa sauti ya chini sana.

Hapa ndipo kazi ya tatu ya ringi, ya joto, inapoungana na mengine. Uso wa pistoni ya alumini kwenye injini ya petroli hupata joto la nyuzi 250 za selsiasi na zaidi ikibeba mzigo. Pistoni haigusani na maji popote. Sehemu kubwa ya joto lake, mara nyingi nusu au zaidi, hutoka kupitia ringi, na ringi ya kwanza ndiyo inayobeba fungu kubwa: joto hushuka kutoka kwenye taji hadi mferejini, huingia kwenye ringi kupitia sakafu ya mfereji inapokandamizwa na gesi, kisha huvuka utando wa oili hadi ukutani na kwenye maji. Njia hiyo inategemea chuma kugusana na chuma vizuri. Ringi ikiwa nzito kwa kaboni, sehemu isiyogusa ukuta haitoi joto; badala yake gesi ya moto hupita hapo na kuongeza joto lingine. Mfereji unazidi moto, oili iliyomo inapikwa kuwa gundi na kisha kaboni, na ringi inazidi kuwa nzito.

Kwa hiyo mlolongo ulikuwa hivi. Gari lilikuwa likibadilishiwa oili baada ya kilomita zaidi ya 10,000, kwa oili ya bei nafuu, na safari zake ni za mzigo na milima. Ringi ya oili ikaganda kwanza, maana springi yake ina vipenyo vingi vya kushika uchafu na haina gesi ya kuichezesha. Oili ikazidi juu. Oili hiyo ikaungua na kuanza kuijaza kaboni mifereji ya juu. Silinda ya 3 ilikuwa imefika hatua ya pili. Kama angeendelea kuongeza oili na kusafiri, hatua ya tatu ingekuwa ringi ya kwanza kuganda, pistoni kupata moto upande mmoja na kukwaruza silinda, na hapo kazi ingekuwa kuchonga bloku na kununua pistoni kubwa.

Swali lililobaki lilikuwa kama silinda zinafaa ringi za saizi ileile. Mistari ya msalaba iliyochorwa kiwandani ilikuwa bado inaonekana karibu mpaka juu, jambo la kutia moyo. Kupima nilitumia ringi mpya yenyewe pamoja na fila geji, njia isiyohitaji kifaa cha gharama. Unaiingiza ringi ndani ya silinda bila pistoni yake, unaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha unapima pengo la ncha zake. Chini, mahali ambapo ringi hazifiki, pengo lilikuwa milimita 0.32. Juu, karibu na ringi inapogeukia, lilikuwa 0.38. Mzingo ni kipenyo mara 3.14, kwa hiyo ongezeko la 0.06 kwenye pengo lina maana kipenyo kimeongezeka kama milimita 0.02. Hilo ni dogo, na lilikuwa ndani ya kiwango cha kitabu cha injini hiyo.

Kisha nikaweka ringi ya kwanza ya zamani mahali palepale chini: 0.48. Silinda ni ileile, kwa hiyo tofauti ya 0.16 ni kuliwa kwa ringi yenyewe. Ukigawanya kwa 6.28 unapata milimita 0.025 zilizoondoka kwenye uso wake. Ringi ilikuwa imechoka kweli, na bado geji ilisoma 178.

Pistoni tulizirudisha baada ya kuzisafisha. Mifereji ilisafishwa kwa kipande cha ringi kuukuu, ila kwa mkono mwepesi, kwa sababu sakafu ya mfereji ndiyo ringi inapokaa kuziba na kupitisha joto. Ukiikwangua alumini hapo umeharibu kazi mbili kwa mpigo mmoja. Vitundu vya oili vilizibuliwa kimoja kimoja mpaka mwanga ukaonekana upande wa pili. Uwazi wa ubavuni kati ya ringi mpya na mfereji ulikuwa kati ya milimita 0.04 na 0.06, unaofaa. Ungekuwa umepita 0.1 nisingezirudisha.

Silinda zilipitishwa mawe ya kuchorea kidogo tu, kuondoa mng'ao na kuacha mistari ya msalaba. Mistari hiyo hushika oili na kusaidia ringi mpya kujisaga zikae. Baada ya hapo bloku ilioshwa kwa maji ya moto na sabuni, kwa brashi. Petroli haitoshi, inaondoa mafuta na kuacha vumbi la mawe ndani ya mistari, na vumbi hilo litazisaga ringi mpya kwa muda mfupi. Tulipangusa kwa kitambaa cheupe chenye oili mpaka kikatoka cheupe.

Katika kufunga, mambo mawili yanahitaji macho. Ringi ya pili ina alama, nukta au herufi, na alama hiyo hukaa juu. Ikigeuzwa, ukingo wake wa kukwangua hutazama juu na ringi inageuka pampu ya kupandisha oili, na injini mpya itakula kuliko ya zamani. La pili ni springi ya ringi ya oili: ncha zake zigusane uso kwa uso, zisipandane. Mapengo ya ringi tuliyatenganisha pande tofauti, kama kawaida, ingawa ringi huzunguka taratibu ndani ya mfereji injini ikifanya kazi na mpangilio huo haudumu. Siupi uzito ambao wengine wanaupa.

Baada ya kuwasha hatukuiacha injini ikinguruma mahali pamoja. Ringi mpya hukaa kwa presha ya gesi iliyo nyuma yake, na injini inayozunguka bila mzigo haina presha hiyo. Ikikaa hivyo muda mrefu, mistari ya ukuta hujaa mng'ao kabla ringi hazijakaa. Tulilitoa gari barabarani likiwa limefika joto lake, tukalipandisha na mzigo wa wastani kisha kuachia mafuta, tukarudia. Oili ilikuwa ya kawaida ya madini, ikamwagwa baada ya kilomita 800.

Safari ya kwanza ya Iringa iliondoa kama robo lita. Ya tatu, kijiti cha oili kilisoma karibu palepale kiliposomwa Dar, gari likiwa limesimama mahali tambarare na limeachwa lipoe kwanza. Nilipopima kompresheni tena, silinda ya 3 ilikuwa 184 na nyingine zote kati ya 184 na 187. Psi chache tu juu ya namba za mwanzo, wakati matumizi ya oili yameshuka kutoka lita nzima hadi kiasi kisichopimika kwa safari moja. Sasa anabadilisha oili kila kilomita 5,000, na kijiti anakiangalia kabla ya kila safari, kwa sababu ringi ya tatu ikianza kuganda tena, kijiti kitajua kabla ya geji.